Swali la Neno Moja



Huenda wewe si padre wala katekista, lakini kama ni mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu, mzazi, dada mkubwa katika familia au jirani anayeaminiwa, umewahi kulipokea. Linaingia kwenye simu usiku, au linaandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne na kutumbukizwa katika sanduku la maswali pale mlangoni mwa kanisa. Pengine mtoto analitamka akiwa amekupa mgongo. Ni neno moja tu: “Kwa nini?” Halina “shikamoo”, halina jina, na halisemi kwa nini nini.

Leo nataka tukae na neno hilo, hasa na kile unachokifanya katika dakika tano za kwanza baada ya kulipata.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1215 maaskofu walikutana Roma katika Mtaguso wa Nne wa Laterani, wakaagiza kila mwamini aungame angalau mara moja kwa mwaka. Katika amri hiyohiyo walimwelekeza muungamishi awe kama tabibu hodari anayemimina divai na mafuta juu ya kidonda, na aulizie kwa uangalifu mazingira ya mtu na mazingira ya tendo lake. Waungamishi wa zama zile walifundishwa maswali saba ya kuyajua mazingira hayo: nani, nini, wapi, kwa msaada gani, kwa nini, kwa namna gani, na lini. Seminarini tuliyakariri kama watoto wanavyokariri majedwali ya kuzidisha.

Hesabu sasa. “Kwa nini” ni moja kati ya saba. Anayekuandikia neno hilo peke yake amekupa moja na kubaki na sita. Wewe huna kitu cha kujibu bado. Una ncha ya uzi tu.

Mbona watu hulituma likiwa tupu hivyo? Sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa. Kwake yeye swali si tupu hata kidogo. Amelala nalo, ameamka nalo, amepanda nalo daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo na kurudi nalo. Anapoandika “kwa nini”, yale sita mengine yamejaa kichwani mwake kiasi kwamba anaona kama nawe unayaona. Wengine simu yao ni ya nyumba nzima, na wanaogopa kuacha maelezo ambayo mume au shemeji atayasoma. Wengine wanapima kwanza kama kuna mtu upande wa pili.

Na wapo ambao maneno yamewaishia tu. Soma Mwanzo sura ya 25, aya ya 22. Rebeka ana mimba, na watoto wanasukumana tumboni mwake. Anaulizia “kwa nini”, na katika Kiebrania sentensi yake imekatika katikati, haina mwisho unaoeleweka. Wafasiri wa lugha mbalimbali wamelazimika kuimalizia, na kila mmoja ameimalizia kivyake. Mtu mwenye maumivu hamalizi sentensi. Lakini angalia alichojibiwa: aliambiwa kuna nani tumboni mwake, na nini kitakuja baadaye. Alipewa habari iliyokuwa imekosekana.

Sasa tazama kinachotokea sisi tunapolipokea swali la namna hii. Nafasi iliyo wazi hatuivumilii. Tunaijaza, tena kwa vitu vyetu wenyewe. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri sana mwanzoni: walikaa naye chini siku saba, kimya. Balaa lilianza waliposema. Ukifika sura ya 22, Elifazi anamtajia Ayubu makosa yake moja baada ya jingine: kwamba aliwavua maskini nguo zao, kwamba hakumpa maji aliyechoka, kwamba alimnyima chakula mwenye njaa. Aliyaona wapi? Hakuona popote. Msomaji wa kitabu kile anajua tangu aya ya kwanza kwamba si kweli. Elifazi alikuwa na “kwa nini” ya rafiki yake na imani kwamba kila mateso yana kosa nyuma yake, basi akatunga historia ya kuunganisha vitu hivyo viwili. Alikuwa mtu wa dini, mwenye ufasaha, na alimjibu mtu ambaye hakuwa mbele yake.

Nikupe mfano wa hapa kwetu. Mhusika ameniruhusu kuusimulia, nami nimebadili mambo madogo ili asitambulike.

Jumapili moja, kama saa mbili usiku, ilinijia meseji kutoka namba nisiyoijua: “Padre kwa nini”. Hata alama ya kuuliza haikuwepo.

Siku ile yangeweza kuwa mambo matatu. Asubuhi nilikuwa nimesoma tangazo la mchango wa ujenzi ambalo halikuwafurahisha wengi. Ijumaa tulikuwa tumemzika kijana wa bodaboda. Na katika mahubiri niligusia ndoa, jambo ambalo huleta simu kila mara. Kwa kila moja nilikuwa na jibu tayari, na majibu yote matatu yalikuwa mazuri. Ningetuma lolote kati ya hayo, angepata jibu la swali la mtu mwingine.

Niliandika hivi: “Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako nimeupata, asante kwa kuniandikia. Napenda nikuelewe vizuri. Ni jambo la leo, au la siku nyingi? Hata neno moja latosha.”

Niruhusu nikueleze kwa nini meseji ile iliundwa hivyo, maana ndiyo kiini cha mazungumzo yetu leo. Kwanza inamjulisha kwamba amefika. Aliyetuma neno moja gizani hajui kama limepokelewa. Kisha inauweka upungufu upande wangu: mimi ndiye nataka kuelewa, si yeye aliyeshindwa kueleza. Linganisha na “swali lako halieleweki, fafanua”, ambayo pengine ni kweli tupu, lakini mtu aliyejikaza siku nzima ili aandike neno moja ataisoma kama mlango uliofungwa. Halafu inauliza jambo moja, na jambo hilo ni “lini”, swali jepesi kuliko yote saba. Tarehe haimwumbui mtu. Mwisho inamwambia kiasi cha jibu kinachotosha, kwa sababu wengi huacha kujibu wakidhani wanadaiwa barua. Na yote yalitosha kwenye meseji moja ya herufi zisizozidi 160, isiyokatwa vipande kwenye simu ya kitochi.

Sikumwita mama, baba wala kijana. Hata “nani” sikuwa nayo.

Baada ya robo saa akajibu: “La wiki hii. Jumuiya.”

Hapo mtu huingiwa na hamu ya kukimbia: jumuiya gani, nani amekufanyia nini, mwenyekiti wako ni nani, umelipa michango? Maswali manne kwa pamoja ni kituo cha polisi. Mimi nilirudisha neno lake mwenyewe: “Jumuiya, wiki hii. Pole. Ilikuwaje?”

Akaandika: “Hawakuja.”

Nikangoja. Wala sikuuliza kitu. Dakika chache baadaye yakaja yote, meseji tano mfululizo, bila nukta wala mkato. Alikuwa mama wa makamo. Alihama kutoka Mtoni kwa Aziz Ali kwenda Chamazi miezi miwili nyuma, baada ya kupata kiwanja na kujenga vyumba viwili. Mama yake mzazi aliyekuwa akimtunza alifariki Jumanne. Majirani walikuja, Wakristo na Waislamu. Mama mmoja wa Kiislamu aliyekaa nyumba ya pili alipika chai ya msiba siku tatu. Ila jumuiya ndogondogo ya Kikristo ya mtaa ule, ambayo alikwisha kuipelekea barua yake ya utambulisho, haikufika kusali hata siku moja. Mwili ulisafirishwa Morogoro na kuzikwa huko. Yeye alirudi Jumapili mchana, akakaa ndani hadi usiku, akaandika maneno matatu.

Msomaji wangu mkaa Dar es Salaam unajua uzito wake. Maaskofu wa nchi zetu za AMECEA walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa uchungaji katika miaka ya 1970, walitaka Kanisa liwe pale mtu anapoishi. Basi jumuiya isipofika msibani, mtu haoni kwamba majirani saba walikosa nafasi. Anaona Kanisa halikuja. Na mjini, anaongeza mwenyewe: ni kwa sababu mimi mgeni, ni kwa sababu sijachangia, ni kwa sababu ya kabila langu. Naye pia anaijaza nafasi iliyo wazi, kama Elifazi.

Angalia jinsi tulivyokuwa mbali. Swali lake halikuwa kwa nini Mungu amemchukua mama yangu. Ningemwandikia juu ya ufufuko wa wafu, na yote ningekuwa nimesema kweli.

Kesho yake nilimpigia mwenyekiti wa jumuiya ile. Sikumuuliza kwa nini hawakwenda. Nilimwomba anisimulie, familia mpya ikihamia mtaani kwao, barua yake hupita mikono ya nani. Akanisimulia. Barua hupokelewa na mzee mmoja, humfikia katibu, na katibu humwingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp ambako matangazo yote ya sala na misiba hutolewa. Mzee yule alikuwa mgonjwa tangu mwezi uliotangulia, na barua ilikutwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Isitoshe, hata kama ingefika, mama yule ana kitochi. Kundi lile asingeliona. Jumuiya haikujua kwamba ana mama, wala kwamba amefiwa.

Jumatano walikwenda, watu kumi na wawili, wakasali rozari. Mwanamke mmoja katika wao alisema mbele ya wote kwamba habari za msiba ule alizisikia sokoni, akadhani ni wa jumuiya ya jirani, akanyamaza. Mama alimsikiliza. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliwapa chai. Majuma kadhaa yalipita kabla hajaonekana kwenye sala ya Jumamosi, nami sikumhimiza.

Sasa turudi kwenye lugha, maana Kiswahili chetu kina hazina katika jambo hili na hatuitumii. Yapo maneno mawili ya kuulizia sababu, “kwa nini” na “mbona”, na hayako sawa. Anayesema “mbona” alikuwa na tegemeo fulani na limevunjika: mbona hukuja, mbona baridi. Ukiliona neno hilo, jua kuna ahadi nyuma yake, na mwulize kwa upole alitegemea nini. “Kwa nini” tupu haikuonyeshi hata hilo.

Lakini wewe mwulizaji wa historia, kaa mbali na yote mawili. Ukimjibu mtu “kwa nini unauliza?”, umemgeuza mshtakiwa. Tunayo maneno mengine yasiyotafuta kosa: imekuwaje, ilianzaje, kulikoni, nisimulie. Tofauti kati ya “toa maelezo” na “nisimulie” ni tofauti kati ya meza ya afisa na mkeka wa nyumbani. Hata kitenzi chetu hutusaidia. Kwa mtoto anayelia, “kwa nini unalia?” humfanya ajitetee, “unalilia nini?” humwacha akutajie tu kile kitu. Watoto wa katekisimu wa miaka sita au saba hawawezi kueleza sababu, ila kitu wanakitaja: daftari, bibi, viatu.

Na tuna “pole”. Sijui kama lugha nyingi zina neno unaloweza kulitoa kwa halali kabla hujajua kilichotokea. Pole haihitaji historia. Walakini ichunge, kwa sababu mara nyingi tunaitumia kufunga mazungumzo: “pole sana, Mungu atakusaidia”, na mtu anaelewa kwamba amekwisha kuagwa. Pole ikifuatwa na “ilikuwaje” inafungua. Pole ikifuatwa na nukta inafunga.

Katika Injili ya Luka sura ya 24, kwenye njia ya Emau, Yesu anawauliza wanafunzi wawili wanazungumza nini. Kleopa anashangaa kwamba yupo mgeni wa Yerusalemu asiyejua yaliyotukia siku zile. Yesu anauliza tena: mambo gani? Yeye aliyesulubiwa ndiye aliyekuwa akiyajua kuliko wao, hata hivyo aliwaacha wayasimulie yote, hadi habari za wanawake waliokwenda kaburini alfajiri. Alianza kuwafafanulia Maandiko baada ya wao kumaliza. Nawaambia mapadre vijana: kama yeye aliyejua alingoja, sisi tusiojua tunaharakia wapi?

Kuuliza nako kuna mpaka. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 979, inamtaka padre anapouliza maswali katika kitubio awe na busara na kiasi, aangalie hali na umri wa mtu, na asiulize jina la mshirika wa dhambi. Kanuni hiyo ni ya kitubio, lakini kipimo chake ni kizuri hata sebuleni. Jiulize: jibu la swali hili litabadili nitakachomwambia au nitakachomfanyia? Kwa mama wa Chamazi, kujua kwamba alihama kulibadili kila kitu. Kujua marehemu aliugua nini kusingebadili chochote, kwa hiyo halikuwa swali langu. Udadisi hujivika huruma, na aliyefiwa huunusa haraka.

Kuna hali moja ambayo utaratibu huu wa polepole haufai. Kama “kwa nini” imekuja pamoja na maneno ya kuaga, au mtu anasema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake, usianze na “lini”. Piga simu, usiandike. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kulisema. Kaa naye kwenye simu, tuma mtu aliye karibu naye afike mlangoni, na msimwache peke yake hadi apate wa kumsaidia hospitalini. Kwa mtoto anayeteswa ipo namba 116, ya bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Mwisho, wapo wasiojibu. Umeandika kwa upole, umeuliza jambo moja jepesi, na kimya. Wiki haijaisha unaanza kujiuliza kama ulikosea. Mimi huandika mara ya pili, siku tatu au nne baadaye, bila swali lolote ndani yake: “Bado nakukumbuka. Ukipenda kuniambia, nipo. Ukipenda kuja, baada ya Misa ya kwanza nakaa nje kwenye benchi, chini ya mwarobaini.” Mara ya tatu siandiki. Namba yake siifuti, na Jumapili nakaa kwenye lile benchi hadi Misa ya pili ikaribie, nikizungumza na yeyote anayepita.